Asante moja baada ya matanga: iandike hivi

Umerudi kutoka mazishini, simu ina jumbe mia moja na kitu za "pole sana", na nguvu za kujibu hata kumi huna. Usijilaumu. Ujumbe mmoja mfupi unatosha, lakini kuna mahali watu wengi huteleza. Hata mimi niliteleza.

Tulipomzika shosho, niliweka asante yangu kwa stetasi ya WhatsApp nikalala. Wiki mbili baadaye nikapita kwa mama mboga wetu. Alikuwa ametuma pole na shilingi 200. Akaniuliza polepole, "Kwani ile kitu ilifika?" Hakuwa ameona asante yoyote.

Shida ilikuwa namba yake, sikuwa nimeisevu. Stetasi huonekana tu kwa mtu uliyesevu namba yake, na yeye awe amesevu yako. Tena baada ya saa 24 inapotea. Wale waliopewa namba yako na mtu mwingine ndio wakatume pole, hao hawataiona.

Kwa hivyo andika ujumbe mmoja, uuweke mahali pawili: stetasi, na lile grupu la mipango ya mazishi kabla watu hawajaanza kutoka. Halafu pitia jumbe zako. Namba ambazo hukuwa umezisevu, na ambazo hazimo kwa grupu, zitumie ujumbe uo huo moja kwa moja.

Sasa ujumbe wenyewe. Ningepewa nafasi tena, ningeandika hivi:

"Kwa niaba ya familia, asanteni kwa jumbe, simu, maombi na michango yenu tulipompoteza shosho. Tulimzika salama Jumamosi, nyumbani Murang'a. Sijaweza kumjibu kila mtu, lakini jumbe zote nimezisoma. Michango tumeifunga. Mungu awabariki."

Ona kila sentensi inafanya nini. Aliyekosa kufika anajua mazishi yalienda vipi. Aliyetuma pole na hakujibiwa anajua hukumpuuza. Na ukisema michango imefungwa, hakuna mtu ataendelea kutuma pesa, ama kudhani asante yako ni njia ya kuomba tena.

Usitaje majina ya waliochanga. Utataja ishirini, usahau mmoja, na huyo mmoja ndiye atakumbuka miaka kumi. Hesabu ya pesa mwachie mweka hazina, aitume kwa ujumbe wake tofauti. Ukichanganya hizo mbili, watu watasoma salio na kuruka shukrani.

Waliobeba mzigo wenyewe, kama aliyelala kwenu matanga yote ama aliyetoa gari, hao wapigie simu. Stetasi haiwatoshi.

Mama mboga nilimshukuru pale pale kibandani. Akacheka, akaniongezea dania. Namba yake nikaisevu.