Kwa nini mashine haijui kuomba hela kwa meseji

Tuchukue meseji mbili za kijana wa Mbagala anayemwomba kaka yake hela ya kodi. Zote zimetungwa kwa ajili ya makala haya, ila ya kwanza imebebeshwa makosa ambayo programu za akili mnemba huyafanya mara kwa mara zinapoagizwa ziandike "kama kijana wa mtaani":

"Mambo vipi bro! 😎 Natumai uko poa sana. Nina noma kidogo na mkwanja, manze. Je, unaweza kunitumia shilingi 20,000 kwa ajili ya kodi ya chumba changu? Nitakurudishia siku ya Jumapili. Asante sana rafiki yangu, tuko pamoja! 🙏🔥"

Ya pili inafika vipande vipande, kama meseji zinavyofika:

"Kk vp"
"Yule mzee kashakuja mara 2 leo"
"Nipige tafu 20 na ya kutolea, J2 nakupa"
"Namba ile ile"

Aliyekulia Dar es Salaam hahitaji kuambiwa ipi ni ya mtu. Kazi ni kueleza amejuaje, kwa sababu meseji ya kwanza haina kosa la tahajia hata moja, na karibu kila neno lililomo hutumika kweli mahali fulani.

Hapo kwenye "mahali fulani" ndipo pa kuanzia. Mkwanja ni hela, na ni neno la vijiwe vya Bongo. Manze ni la Nairobi. Mtu mmoja anaweza kuyajua yote mawili, hasa kama anasikiliza muziki wa pande zote, lakini ni nadra sana ayatie kwenye sentensi moja anapomwomba kaka yake hela. Mashine haioni mpaka wa Namanga. Kwake yote ni "lugha ya mitaani ya Kiswahili", kapu moja. Ndiyo maana kwenye maandishi yake mtu wa Tandale anaweza kuomba "thao", ilhali elfu moja Dar ni buku na mia tano ni jero. Majina ya pesa yana historia za mitaa na siasa za kwao: Kenya noti ya mia tano iliitwa Jirongo kutokana na mwanasiasa Cyrus Jirongo na fedha zilizomwagwa kwenye kampeni za uchaguzi wa 1992, na Tanzania noti nyekundu ya elfu kumi ikaitwa msimbazi kwa sababu ya rangi ya Simba. Huwezi kuhamisha majina hayo kutoka mji hadi mji.

Halafu kuna "nina noma kidogo na mkwanja". Noma ni neno la kweli, lakini halikai hapo. Watu husema "ni noma", "noma sana", "isiwe noma". Mashine imelifahamu neno kwa maana ya tatizo, kisha ikalipachika mahali ambapo Kiswahili sanifu kingeweka "shida". Sentensi yenyewe ni ya kawaida, imevalishwa fulana ya mtaani. Anayejua lugha huona sentensi ya chini ikichungulia.

Tuitazame sasa ya pili, maana huko ndiko kwenye utamu.

"Yule mzee" ni nani? Hakutajwa. Kaka anajua ni mwenye nyumba, kwa hiyo kumtaja kungekuwa kupoteza herufi. "20" ni elfu ishirini, na neno elfu halipo kwa sababu hakuna anayekopa shilingi ishirini. "Na ya kutolea" ni makato ya wakala. Anayetumiwa hela kwenye simu hukatwa anapoitoa, basi anayeomba kiungwana lakini kwa ukavu humwambia mwenzake aongezee na hiyo. Maneno hayo matatu yamezaliwa na huduma za pesa kwa simu, na kwa Mtanzania ni ya kila siku kama nauli. Mashine huandika "kunitumia shilingi 20,000" na kuishia hapo, kwa sababu haijawahi kufika kwa wakala ikakuta imepungukiwa.

Kuna pia tarakimu. Katika meseji hiyo "2" imetokea mara mbili na kusomwa kwa namna mbili. "Mara 2" ni mbili ya kawaida. "J2" ni Jumapili, kama J3 ilivyo Jumatatu na J5 ilivyo Jumatano. Kijana huyohuyo akiandika "m2" anamaanisha mtu, na "2ko" ni tuko, kwa sababu hapo tarakimu inasomwa kwa Kiingereza, tuu. Hakuna aliyefundishwa kanuni hiyo darasani na hakuna anayeikosea.

Herufi nazo zina sheria zake. "Cjui" ni sijui na "ucjali" ni usijali, kwa kuwa jina la herufi C kwa Kiingereza linatamkwa "si". Kwa hiyo C inabeba silabi nzima, haibebi S peke yake. Programu iliyoona C ikikaa mahali pa S huweza kuandika "cana" ikidhani imefupisha sana. Msomaji anasoma "siana" na kukunja uso. Anayetaka kuchezea S peke yake hutumia X: xana, xaxa. Kwenye simu za vibonyezo S ilikuwa ya nne kwenye kitufe cha 7, maana yake ukibonyeza mara nne, ilhali X ilikuwa ya pili kwenye kitufe cha 9. Silabi "si" ilidai mibonyezo saba, C ilidai mitatu. Wengi wameshahamia simu za kugusa na wanafupisha kidogo kuliko zamani, lakini mazoea yamebaki, na yamebaki bila mpangilio: mtu huandika "sasa hivi" kwenye meseji moja na "ss hv" kwenye inayofuata. Mashine ikiambiwa ifupishe hufupisha kila kitu kwa kipimo kimoja, na ikiambiwa isifupishe haidondoshi hata irabu.

Swali la kwa nini lina jibu lisilo la ajabu. Programu hizi hujifunza kwa kusoma maandishi mengi mno na kukisia kipande cha neno kinachofuata. Kiswahili zinachokisoma kwa wingi ni cha magazeti, Biblia, taarifa za serikali, Wikipedia, na kurasa ambazo zenyewe zimetafsiriwa na mashine. Meseji za watu hazimo, na hazitakiwi kuwamo. Ziko kwenye simu zao, na tangu 2016 mazungumzo ya WhatsApp hufungwa kwa namna ambayo hata wenye mtandao huo hawawezi kuyasoma.

Kwa hiyo kinachobaki ni lugha ya mtaani iliyo hadharani, kwenye mitandao ya kijamii na chini ya video. Nayo hupotea njiani. Mwaka 2020 Google walitoa mC4, mkusanyo mkubwa wa kurasa za mtandao wa lugha 101, Kiswahili kikiwemo. Ili ukurasa ukubaliwe ilibidi uwe na angalau mistari mitatu yenye herufi 200 au zaidi kila mmoja, na programu ya kutambua lugha iwe na uhakika wa asilimia 70 kwamba hiyo ni lugha inayodhaniwa. Masharti hayo yaliwekwa kwa nia njema, kuondoa takataka. Lakini SMS moja ina nafasi ya herufi 160 tu. Ukurasa uliojaa mazungumzo mafupi unaanguka kwenye sharti la kwanza, na "cjui m2 yupo wp" ina hatari ya kuanguka kwenye la pili, kwa kuwa kwa macho ya programu hiyo si Kiswahili wala si kitu kingine. Chujio likaacha makala na mahubiri, likamwaga gumzo.

Baada ya hapo programu hufundishwa adabu. Huelekezwa ijibu kikamilifu, isalimie, ieleze, ishukuru. Adabu hiyo inafaa kwenye barua ya kuomba kazi. Kwenye meseji inageuka kituko: "Je" mwanzoni mwa swali, "natumai" baada ya salamu, "rafiki yangu" kwa ndugu wa tumbo moja. Wazee watasema "natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya" ni Kiswahili cha zamani kabisa, na wana haki. Ila ni cha barua ya karatasi iliyosafiri wiki nzima na basi kwenda Sumbawanga.

Nairobi mambo yako vilevile, kwa sura nyingine. Kijana wa Umoja anaweza kuandika "si unisort na thao". Hiyo "si" haikanushi. Inalainisha ombi, na anayeisoma kwa kamusi atadhani mwenzake anakataa kusaidiwa. Sheng hutia shina la Kiingereza ndani ya kitenzi cha Kiswahili na kulizungushia viambishi. Mashine huonekana kuelewa tu kwamba lugha zimechanganywa, kisha ikaandika sentensi ya Kiswahili yenye neno la Kiingereza lililosimama peke yake, "nahitaji help", kama mgeni aliyekaa wiki mbili.

Wapo wanaoweza kusema meseji si kitu kikubwa. Lakini watumaji wa SMS za utapeli wanaijua nguvu yake kuliko wahandisi. Meseji maarufu kuliko zote Tanzania, "Iyo hela itume kwenye namba hii", inafanya kazi kwa sababu ya neno la kwanza. "Iyo", bila H, inajifanya mazungumzo yalishaanza. Anayepokea akiwa kweli ana mtu wa kumtumia hela anaweza kutuma kabla hajafikiri. Programu ikiombwa kutunga mfano wa utapeli kwa ajili ya mafunzo, rahisi ikuletee "Tafadhali tuma pesa kwenye nambari ifuatayo", na mtu aliyefunzwa kwa mfano huo hatajikinga na chochote.

Juhudi za kurekebisha zipo. AfriSenti, iliyotolewa 2023, ilikusanya zaidi ya twiti 110,000 za lugha 14 za Afrika, Kiswahili kikiwemo, zikasomwa na wazawa wa lugha hizo. Ni kazi nzuri, ila lebo zake zinasema kama twiti ni chanya, hasi au ya kati. Hazisemi nani anamwandikia nani, na hilo ndilo lililoamua kila neno la yule kijana wa Mbagala. Akimwandikia mama yake, "vp" ingetoweka na "shkamoo" ingetangulia, hata kama shida ni ileile na kiasi ni kilekile.

Kwa hiyo makampuni yanayotaka kuwatumia wateja matangazo ya "kitaani" yaliyotungwa na mashine yangefanya vyema kumlipa mtu wa Temeke ayasome kwanza, au yaachane kabisa na usela. Hakuna mteja aliyewahi kucheka lugha ya "Salio lako halitoshi".