Nishati ya Ishara Haipotei Inapohesabiwa kwa Masafa

Ishara inayobadilika kadiri muda unavyokwenda, kama vile volti zinazotoka kwenye maikrofoni au mtikisiko wa ardhi unaonaswa na chombo cha kupimia matetemeko, huweza kuelezwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kutaja thamani yake hatua kwa hatua: sasa ni volti tano, baadaye kidogo ni mbili, kisha inashuka chini ya sifuri. Namna ya pili ni kutaja masafa yaliyomo ndani yake, yaani mawimbi yanayojirudia mara kadhaa kwa sekunde, kila moja likiwa na ukubwa wake, ambayo yakijumlishwa yanaizaa upya ishara ileile. Maelezo haya mawili hayafanani kwa sura hata kidogo, lakini yanakubaliana juu ya kiasi kimoja, nacho ni nishati. Kauli hiyo huitwa kanuni ya Parseval, na kwa kuwa inahakikiwa kwa kalamu na karatasi, inafaa kuanza na namba zenyewe kabla ya kutafuta sababu.

Ichukuliwe ishara fupi mno yenye sampuli nne, sampuli ikiwa ni kipimo kimoja kilichochukuliwa kwa wakati maalumu, na wakati kati ya sampuli moja na inayofuata ukiwa uleule daima. Thamani zake ni 5, 2, −1 na 0. Ikiwa hizo ni volti zilizopimwa kwenye waya wenye ukinzani wa omu 1, basi nguvu ya umeme kwa wati ni mraba wa volti, na nishati ni jumla ya miraba hiyo mara muda kati ya sampuli. Wahandisi wa ishara huuweka kando muda huo, kwa sababu ni kizigeu kisichobadilika, nao huiita jumla ya miraba peke yake nishati ya ishara. Hapa jumla hiyo ni 25 + 4 + 1 + 0, yaani 30, na alama ya kutoa iliyo mbele ya 1 haina athari yoyote kwa kuwa mraba huifuta.

Ili kupata maelezo ya upande wa masafa hutumika mgeuzo wa Fourier, ambao kwa sampuli nne huilinganisha ishara na mifuatano minne ya namba zinazozunguka. Mfuatano wa kwanza hauzunguki kabisa, nao ni 1, 1, 1, 1. Wa pili hupiga robo ya mzunguko kila hatua, hivyo hukamilisha mzunguko mmoja katika sampuli nne: 1, −i, −1, i. Wa tatu hupiga nusu mzunguko kila hatua, nao ni 1, −1, 1, −1. Na wa nne ni kama wa pili ila huzunguka kwa upande mwingine: 1, i, −1, −i. Herufi i ni namba ya kufikirika ambayo mraba wake ni −1, na msomaji asiyeizoea anaweza kuichukulia kuwa ni alama ya robo ya mzunguko, kwa kuwa kuzidisha kwa i mara mbili hugeuza 1 kuwa −1, sawa na kugeuka nyuma.

Kila sampuli huzidishwa kwa namba iliyo mahali pake katika mfuatano, kisha majibu hujumlishwa. Mfuatano wa kwanza hutoa 5 + 2 − 1 + 0, yaani 6. Wa pili hutoa 5 − 2i + 1 + 0, yaani 6 − 2i. Wa tatu hutoa 5 − 2 − 1 − 0, yaani 2, na wa nne hutoa 6 + 2i. Mraba wa ukubwa wa namba changamano, ambayo ni namba yenye sehemu halisi na sehemu ya kufikirika, ni mraba wa sehemu ya kwanza kuongeza mraba wa sehemu ya pili, kwa hiyo matokeo manne yanakuwa 36, 40, 4 na 40. Jumla yake ni 120, nayo ni mara nne hasa ya 30.

Mara nne hiyo haikuzuka kwa bahati, na ndiyo inayofichua sababu ya kanuni nzima. Kila mmoja wa mifuatano minne una nishati yake yenyewe, na nishati hiyo ni 4, kwa kuwa kila namba iliyomo ina ukubwa wa 1 na zipo namba nne. Jambo kubwa zaidi ni kwamba mifuatano yenyewe haiingiliani. Mfuatano wa pili ukilinganishwa na ule usiozunguka hutoa 1 − i − 1 + i, yaani sifuri, na ndivyo ilivyo kwa jozi nyingine yoyote, mradi i na −i zibadilishwe nafasi katika mfuatano mmoja wa jozi kabla ya kuzidisha. Katika lugha ya jiometri, mifuatano hiyo ni mihimili minne iliyosimama kwa pembe mraba, na ishara yenye sampuli nne ni mshale mmoja katika nafasi ya pande nne. Kanuni ya Pithagoras inasema kwamba mraba wa urefu wa mshale ni jumla ya miraba ya vivuli vyake juu ya mihimili iliyo pembe mraba, na haijali ni mihimili ipi iliyochaguliwa. Tofauti pekee ni kwamba mihimili hii ina urefu wa 2 badala ya 1, hivyo kila kivuli kimesomwa mara mbili ya kipimo chake, na mraba wake umesomwa mara nne. Kwa sampuli N, kigawanyo kinakuwa N.

Maelezo hayo yanaonyesha pia mahali ambapo kanuni ingevunjika. Kama pangetumiwa mawimbi ambayo hayakamilishi mizunguko kamili ndani ya muda uliopimwa, kwa mfano wimbi la nusu mzunguko likiwekwa pamoja na mfuatano usiozunguka, jumla ya malinganisho isingekuwa sifuri, mihimili ingeegemeana, na sehemu ya nishati ingehesabiwa mara mbili.

Marc-Antoine Parseval, Mfaransa aliyepewa heshima ya jina la kanuni hii, aliwasilisha kauli yake mwaka 1799, kabla Joseph Fourier hajachapisha kitabu chake cha mwaka 1822 kuhusu joto, na alichokuwa akishughulikia ni mifululizo ya kihisabati tu, si ishara wala nishati. Maana ya kifizikia ilijitokeza baadaye, pale Lord Rayleigh alipotumia kauli ya namna hiyo mwaka 1889 katika uchunguzi wa mionzi ya vitu vyenye joto, na mwaka 1910 Michel Plancherel akaiweka kwenye msingi imara kwa ishara zisizo na mwanzo wala mwisho. Kwa hiyo vitabu vingine huiita kwa majina hayo, na msomaji hana haja ya kudhani kuwa ni kanuni tatu zisizohusiana.

Kwenye kompyuta, uhakiki wa mfano uleule ni mistari mitano ya lugha ya Python:

```
import numpy as np
x = np.array([5, 2, -1, 0])
X = np.fft.fft(x)
print(np.sum(x**2))
print(np.sum(np.abs(X)**2) / len(x))
```

Mstari wa nne hutoa 30, na wa tano hutoa 30.0 au namba inayotofautiana nayo mbali sana baada ya nukta, kwa kuwa kompyuta huhifadhi namba za desimali kwa tarakimu kama kumi na sita tu. Tofauti ya aina hiyo ni ya ukadiriaji na haina madhara. Tofauti inayofikia hata sehemu moja katika milioni, kwa namba za usahihi huo, si ya ukadiriaji tena. Hiyo ni dalili kwamba kuna kigawanyo kilichosahauliwa au fomula iliyoandikwa vibaya.

Kosa linalojitokeza mara nyingi linahusu nusu ya masafa. Ishara ya namba halisi huwa na matokeo yanayoakisiana, kama 6 − 2i na 6 + 2i hapo juu, kwa hiyo programu nyingi hutunza moja tu kati ya mapacha hao ili kuokoa kumbukumbu. Katika NumPy kazi hiyo hufanywa na `np.fft.rfft`, ambayo kwa mfano huu hubakiza 6, 6 − 2i na 2. Anayejumlisha miraba hiyo mitatu na kugawa kwa nne hupata 20, na nishati huonekana imepotea. Anayekumbuka kwamba nusu imeachwa, kisha akazidisha yote kwa mbili, hupata 40. Jibu sahihi hupatikana kwa kuzidisha kwa mbili mraba wa katikati peke yake, kwa kuwa masafa ya sifuri na yale ya juu kabisa hayana pacha: 36 + 80 + 4 ni 120, na robo yake ni 30. Idadi ya sampuli ikiwa witiri, yale ya juu kabisa hayapo peke yake, hivyo ni masafa ya sifuri tu yasiyozidishwa.

Kosa la pili ni la hila zaidi, kwa sababu huuharibu upande unaoaminiwa kuliko mwingine. Sauti iliyorekodiwa huhifadhiwa mara nyingi kama namba nzima za biti 16, ambazo haziwezi kuzidi 32767. Sampuli yenye thamani ya 300 ni ya kawaida kabisa, lakini mraba wake ni 90000, na NumPy ikiupiga mraba huo ndani ya aina ileile ya namba, hutoa 24464 bila kulalamika. Mgeuzo wa Fourier kwa upande wake huzigeuza sampuli kuwa za desimali kabla ya kuanza, hivyo upande wa masafa huwa sahihi na upande wa muda ndio unaodanganya. Dawa ni kuzigeuza sampuli mapema kwa `x.astype(float)`.

Hata hivyo, usawa wa nishati pande zote mbili hauthibitishi kwamba masafa yamehesabiwa sawasawa. Nishati haijui mpangilio: sampuli 5, 0, −1, 2 zina nishati ya 30 vilevile, na mgeuzo wake ni uleule wa mfano wa kwanza, isipokuwa 6 − 2i na 6 + 2i zimebadilishana nafasi. Programu iliyokosea mwelekeo wa kuzunguka, ikaweka i mahali pa −i, itafaulu uhakiki wa Parseval bila dosari, na kama kosa hilohilo limo katika hatua ya kurudisha masafa kuwa sampuli, hata ishara itakayorejeshwa itakuwa kamili. Kinachoweza kulinasa ni ishara ambayo jibu lake linajulikana kabla. Msukumo mmoja uliowekwa katika nafasi ya pili, yaani 0, 1, 0, 0, lazima utoe 1, −i, −1, i. Programu yenye kosa hutoa 1, i, −1, −i, na jumla ya miraba ni 4 katika hali zote mbili.