Kidole Kinachopimwa kwa Saa

Siku hizi kuna taa za mezani zisizo na swichi ya kubonyeza. Unaweka kidole juu ya plastiki, taa inawaka. Unakiweka tena, inazimika. Ukiifungua, nyuma ya plastiki utakuta kibamba cha shaba kisichozidi ukubwa wa stempu, kimeunganishwa na chipu kwa waya mmoja tu. Kidole hakiigusi shaba, wala hakuna kinachosogea ndani. Chipu inajuaje basi kwamba mtu amefika?

Inajua kwa kupima muda. Kila kipande cha metali kinaweza kushika chaji kidogo ya umeme, na uwezo huo huitwa kapasitansi. Kidole cha binadamu, kwa kuwa mwili umejaa maji yenye chumvi na hupitisha umeme, kikikaribia kibamba hukiongezea uwezo huo. Kuupima moja kwa moja ni kazi ya vifaa vya maabara. Lakini ukikijaza kibamba chaji kupitia rezista kubwa, uwezo wake utauona kwenye saa: mtungi mpana ukijazwa kwa mrija ule ule mwembamba huchelewa kufika nusu kuliko mtungi mwembamba.

Tuchukue mfano ambao fundi yeyote mwenye Arduino Uno anaweza kuujenga. Pini 2 inaungwa na kibamba. Kati ya pini 4 na pini 2 inawekwa rezista ya megaohmu 1. Kwanza programu inaishusha pini 4 hadi volti 0, na pini 2 nayo inatoa volti 0 kwa muda mfupi ili kibamba kimwage chaji yote iliyobaki ndani yake. Kisha pini 2 inageuzwa kuwa ya kusoma, pini 4 inapandishwa hadi volti 5, na saa ya ndani ya chipu inaanza kuhesabu. Chaji inapita polepole kwenye rezista, volti ya kibamba inapanda, na mara inapovuka kizingiti ambacho chipu hukisoma kama “juu”, yaani karibu nusu ya volti 5, hesabu inasimama.

Muda huo unapatikana kwa fomula hii:

```
t = 0.693 × R × C
```

Kibamba chetu, pamoja na waya wake na pini yenyewe, tuseme kina pikofaradi 20. Pikofaradi ni sehemu moja ya trilioni ya faradi, kiasi kidogo mno. Hata hivyo, kwa rezista ya megaohmu 1 muda unatoka karibu mikrosekunde 13.9. Saa ya Uno hupiga mapigo milioni 16 kwa sekunde, kwa hiyo chipu itahesabu mapigo yapatayo 222. Idadi hiyo inatosha kufanyia kazi.

Sasa weka kidole. Ncha ya kidole hufunika kama sentimita mraba moja, na plastiki ya katikati ina unene wa milimita 1. Kwa plastiki ya kawaida hiyo ni nyongeza ya pikofaradi 2.6 hivi, na hesabu inapanda kutoka 222 hadi karibu 251. Plastiki ikiwa na unene wa milimita 3, nyongeza inashuka hadi theluthi, yaani chini ya pikofaradi moja. Ndiyo maana naona unene wa kifuniko ndio uamuzi wa kwanza katika kazi hii. Ukikosea hapo, hakuna programu itakayokuokoa.

Tofauti ya mapigo 29 ni ndogo, na kipimo kimoja peke yake hakiaminiki. Kibamba kilichoungwa kwa rezista kubwa namna hiyo ni kama antena: kinanasa mawimbi ya umeme wa nyumba, ambao kwetu huzunguka mara 50 kwa sekunde, na mwili wa mtu huyanasa zaidi. Kipimo kimoja kitaangukia wimbi likiwa juu, kinachofuata likiwa chini. Dawa yake ni kupima mara 64 na kujumlisha, lakini vipimo hivyo visifuatane papo hapo. Vitawanye katika milisekunde 20, kila kimoja baada ya mikrosekunde 312 hivi. Milisekunde 20 ni mzunguko mmoja kamili wa umeme wa nyumbani, kwa hiyo kinachoongezwa na upande wa juu wa wimbi kwa sehemu kubwa hufutwa na upande wa chini. Jumla isiyo na kidole itakuwa kama 14,200, na kidole kitaiongezea kama 1,850.

Hapo wengi huweka mpaka, wakaandika kwenye programu: jumla ikizidi 15,100, mtu amegusa. Mchana huo taa inafanya kazi vizuri. Siku ya tatu, usiku wa mvua, inajiwasha yenyewe chumba kikiwa hakina mtu.

Taa haijaharibika. Kilichotokea ni kwamba namba ya kibamba kitupu haitulii. Mbao iliyo chini ya kibamba inanyonya unyevu na kapasitansi inapanda, kwa sababu maji huongeza uwezo huo kuliko karibu kila kitu kilichopo nyumbani. Waya unasogea kidogo karibu na fremu ya chuma. Kizingiti cha pini nacho hubadilika kidogo na joto. Volti za chaja zikiyumba hazileti shida kubwa, kwa kuwa volti inayojaza kibamba na kizingiti hupanda na kushuka pamoja. Hayo mengine yakijumlishana yanatosha. Tuseme kibamba kitupu kimepanda kutoka 14,200 hadi 15,200: mpaka wa 15,100 umevukwa bila kidole. Kikishuka hadi 13,200 siku ya kiangazi, kidole kitakifikisha 15,050 tu, na taa itakuwa kiziwi. Kuusogeza mpaka hakutibu, maana mabadiliko ya hali ya hewa yanakaribia ukubwa wa kidole chenyewe.

Kinachotofautisha kidole na hali ya hewa ni kasi. Kidole hufika kwa sehemu ndogo ya sekunde; unyevu huchukua dakika na saa. Kwa hiyo programu inapaswa kukumbuka namba ya kibamba kitupu, tuiite msingi, na kuiacha itambae polepole ikifuata vipimo. Mguso unapimwa kwa umbali kutoka kwenye msingi huo. Moyo wa programu ni mistari hii, inayorudiwa mara 50 kwa sekunde:

```
float tofauti = kipimo - msingi;
if (tofauti > 900) imeguswa = true;
else if (tofauti < 600) imeguswa = false;

if (tofauti < -400) msingi += tofauti * 0.05;
else if (!imeguswa) msingi += tofauti * 0.001;
```

Mipaka ni miwili, 900 ya kuingia na 600 ya kutoka, ili kidole kinachotetemeka mpakani kisiifanye taa ipepese. Namba 0.001 ina maana kwamba msingi unahitaji kama sekunde 20 kufunika sehemu kubwa ya mabadiliko. Ukiufanya uwe mwepesi mara kumi, mtu anayeshusha kidole taratibu huku akifikiri atamezwa na msingi kabla hajahesabiwa. Ukiufanya mzito mno, chumba kikipashwa joto ghafla kitaushinda. Mimi ningeanza na uzito zaidi, kisha nipunguze kwa kuangalia.

Angalia pia kwamba msingi umesimamishwa wakati taa imeguswa. Bila sharti hilo, mtu akiacha kidole kwa nusu dakika, msingi utapanda hadi kilipo kidole na programu itaamua kwamba ameondoka.

Mstari wa kasi, ule wa 0.05, umewekwa kwa ajili ya tukio moja. Mtu anawasha kifaa mkono wake ukiwa tayari juu ya kibamba. Msingi wa kwanza unachukuliwa ukiwa na mkono ndani yake. Mkono ukiondoka, kipimo kinaporomoka chini ya msingi, na kwa mwendo wa polepole taa ingekaa bila kusikia kwa sekunde nyingi. Kidole hakiwezi kupunguza kipimo katika muundo huu, kwa hiyo mporomoko mkubwa ni ushahidi kwamba msingi si sahihi, na unashushwa haraka. Lakini usiruhusu kasi hiyo kwa kila upungufu mdogo. Kelele za umeme hupeleka kipimo juu na chini sawasawa, na msingi unaoshuka mbio huku ukipanda polepole utaishia kukaa chini ya kelele, na mipaka yako itakuwa imepungua bila wewe kujua. Ndiyo kazi ya ile -400.

Limebaki tatizo la kinyume. Mtu anaweka sufuria juu ya kibamba na kuiacha. Kipimo kimeruka, msingi umesimama, na taa itadai imeguswa hadi kesho. Hapa weka kikomo cha muda: mguso ukizidi sekunde 30, kipimo cha sasa ndicho msingi mpya. Sufuria ikiondolewa, mstari wa kasi utarekebisha.

Njia bora ya kuona haya yote ni kufungua Serial Plotter na kuchora kipimo na msingi pamoja. Hali ya hewa huonekana kama mteremko ambao mistari yote miwili inaufuata. Kidole ni ngazi yenye ukingo mkali. Mawimbi yanayojirudia kwa mpangilio yanakuambia kwamba vipimo 64 havijatawanywa vizuri.

Kuna adui mmoja ambaye msingi peke yake haumwezi, na pwani anafahamika: utando wa chumvi na unyevu juu ya bodi. Utando huo huvujisha chaji wakati kibamba kinajazwa. Mvujo wa megaohmu 10 kwenda kwenye waya wa ardhi hurefusha muda kwa asilimia 4 hadi 5, yaani nyongeza ya zaidi ya 600 katika jumla yetu. Mvujo ukifikia megaohmu 1, sawa na rezista yetu, volti ya kibamba itaishia nusu ya njia na huenda isivuke kizingiti kamwe. Programu iliyoandikwa isubiri hadi pini isome “juu” itaganda hapo hapo. Kila kipimo kiwe na ukomo, mathalani mapigo 2,000, na kikifika huko kihesabiwe kuwa hitilafu, kisihesabiwe mguso. Bodi isafishwe kwa spiriti, ikauke, kisha ipakwe vanishi ya kukinga unyevu.

Na upimaji wa mwisho ufanywe kwa umeme ule ule utakaotumika. Chaji inayoingia kwenye kidole inahitaji njia ya kurudi, kupitia mwili hadi ardhini na kutoka ardhini hadi kwenye saketi. Kifaa kilichoungwa na kompyuta iliyochomekwa ukutani kina njia nzuri. Kikihamishiwa kwenye betri kinaelea, na kama uhusiano wake na ardhi ni pikofaradi 5 tu, zile 2.6 za kidole zinabaki kama 1.7. Nyongeza ya 1,850 inashuka hadi 1,200 hivi. Bado inavuka 900, lakini kwa nafasi ndogo, na kwa plastiki nene zaidi isingevuka.