Chanzo cha Pengo na Umbo la Swali: Kutunga Maswali ya Mahojiano ya Pili Kutokana na Unukuzi wa Mahojiano ya Kwanza Jijini Kampala

1.0 Utangulizi

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waliokuwa Uganda wangepewa siku tisini kuondoka nchini. Maduka, nyumba na viwanda walivyoviacha viligawiwa watu wengine, na waliovipata wakapewa jina la utani la mafuta mingi. Tangu hapo, wanaochunguza historia ya miliki jijini Kampala hutegemea sana kumbukumbu za wazee, kwa kuwa nyaraka za ugawaji huo hazitoshelezi. Hata hivyo, mahojiano ya kwanza na wazee hao huacha mapengo pale hasa mtafiti anapohitaji uhakika.

Makala haya yanaeleza namna ya kutunga maswali ya mahojiano ya pili kutokana na mapengo hayo. Hoja yake ni kwamba kabla ya kuandika swali lolote, mtafiti hana budi kubaini kilicholizaa pengo, kwa kuwa mapengo yanayofanana machoni huwa na vyanzo tofauti, na swali linaloziba moja huweza kulipanua jingine.

2.0 Unukuzi wa mfano

Unukuzi ufuatao umetungwa kwa ajili ya ufafanuzi. Msimulizi ni mzee aliyekuwa karani katika duka la Mhindi kwenye mtaa wa William. Alizungumza Kiganda, na maneno yake yakafasiriwa kwa Kiswahili.

Mstari wa 41, Mtafiti: Baada ya Wahindi kuondoka, duka ulilipataje na biashara ilikuwaje?
Mstari wa 42, Msimulizi: Biashara ilikuwa ngumu. Sukari haikupatikana, chumvi vilevile. Tuliuza yaliyobaki, yakaisha.
Mstari wa 57, Msimulizi: Walitugawia tu. Walikuja wakatugawia. Ndivyo mambo yalivyokuwa wakati huo.
Mstari wa 63, Msimulizi: Mwenye duka alikuwa mtu mwema, tulielewana. Akaondoka. (Kimya, sekunde tisa.) Basi, watoto wakasoma.

Mtafiti mwenye haraka ataona kwamba mistari yote mitatu imekwepa jambo moja, yaani jinsi duka lilivyopatikana, naye ataandika swali moja: “Duka ulilipataje?” Swali hilo limekwisha kuulizwa katika mstari wa 41. Kulirudia ni kumwambia mzee kwamba hakuaminiwa.

3.0 Kubaini chanzo

Pengo la mstari wa 42 ni kosa la mtafiti. Maswali mawili yaliulizwa kwa pumzi moja, na msimulizi akajibu la mwisho, ambalo pia lilikuwa jepesi zaidi. Mapengo ya namna hii ni mengi kuliko watafiti wanavyopenda kukiri. Dawa yake ni kusoma unukuzi mara ya kwanza kwa kuyaangalia maneno ya mtafiti peke yake, na kuweka alama kila palipo na swali la sehemu mbili, palipokatizwa usemi, na pale mtafiti alipolimalizia jibu la mwenziwe.

Mstari wa 57 unahitaji kusikilizwa upya katika lugha ya asili. Kiambishi ba- cha Kiganda humaanisha “wao” wanaojulikana, lakini pia hutumika kutaja watu wasiobainishwa. Mfasiri akiandika “walitugawia” huenda amehifadhi utata wa msemaji. Akiandika “serikali ilitugawia” ameuondoa bila idhini. Kwa hiyo kabla ya kumrudia mzee, mtafiti amrudie mfasiri pamoja na sauti iliyorekodiwa. Baadhi ya mapengo huisha hapo.

Mstari wa 63 ni wa aina nyingine kabisa. Kimya cha sekunde tisa hakionekani katika unukuzi usioandika vituo, na hilo pekee linatosha kudai vituo viandikwe. Mzee aliyetoka kusema “tulielewana” amehamia kwa watoto wake ghafla. Huenda ni huzuni, huenda ni aibu. Inawezekana pia kuwa ni tahadhari: sheria ya mwaka 1982 iliwafungulia wenye mali waliofukuzwa njia ya kudai mali zao, na kubatilisha mauziano yaliyokuwa yamefanywa juu yake. Kama mwenye duka alimwachia karani wake funguo kwa makubaliano ya faraghani, kulisema hilo mbele ya kinasa sauti si jambo dogo kwa familia ambayo bado inaishi kutokana na duka hilo. Mshauri wa sera atakayeandika kwamba duka “liligawiwa na serikali” kwa kutegemea mstari wa 57 bila kuutazama mstari wa 63 atakuwa ameamua jambo la kisheria ambalo msimulizi hakulitamka.

4.0 Kutunga maswali

Kwa pengo la kwanza, swali huanzia kwenye maneno ya msimulizi na kurudi nyuma: “Mzee, ulitueleza jinsi sukari ilivyokosekana. Tusimulie siku ya kwanza ulipofungua duka wewe mwenyewe.” Hapa hakuna neno “kupata” wala “kupewa”, mzee ataleta kitenzi chake, na kitenzi hicho ndicho ushahidi.

Kwa pengo la pili, swali baya ni “Je, ni askari waliokugawia?” Mzee mwenye adabu kwa mgeni aweza kuitikia tu. Dalili ya jibu la namna hiyo ni kwamba hurudisha maneno ya swali bila kuongeza jina, mahali wala tendo. Swali linalofaa humrudisha kwenye tukio: “Ulisema walikuja. Tusimulie siku hiyo tangu walipofika mlangoni.” Baada ya hapo yafuate maswali madogo, moja moja: walizungumza lugha gani, nani mwingine alikuwepo, waliacha nini mkononi mwako. Swali la lugha lina uzito wake Kampala, kwa sababu Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi. Lakini ni kielekezi tu, kwa kuwa hata raia walikizungumza. Swali la karatasi liwekwe mwisho, kwani hunusa mahakama.

Maneno “wakati huo” hayatatuliwi kwa kudai mwaka. Ni rahisi zaidi mzee kukumbuka kama jambo lilitokea kabla siku tisini hazijaisha, au kabla majeshi ya Tanzania hayajaingia Kampala mwezi Aprili 1979.

Kwa pengo la tatu, swali ni moja, nalo huja baada ya kumkumbusha mzee kwamba ana haki ya kutojibu na ya kutaka kinasa sauti kizimwe: “Ulimtaja mwenye duka kwa wema. Kama kuna jambo ungependa tulijue juu yake, tutasikiliza.” Akinyamaza tena, kimya hicho kiandikwe na muda wake, na mahojiano yaendelee. “Kwa nini” isitumike hapa hata kidogo, kwa sababu masikioni mwa mzee hugeuka shutuma.

Kila swali liandikwe kando ya namba ya mstari uliolizaa, pamoja na chanzo cha pengo kinachodhaniwa. Lisomwe kwa mwenzi ambaye hajauona unukuzi. Akiweza kukisia jibu linalotakiwa, swali liandikwe upya. Maswali sita au saba yatosha kwa kikao kimoja.

5.0 Majibu ya pili yanapopingana na ya kwanza

Mzee huweza kusema katika kikao cha pili kwamba hakuna aliyekuja, na kwamba funguo aliachiwa. Unukuzi wa kwanza usirekebishwe. Kauli zote mbili zihifadhiwe na tarehe zake, na swali lililozaa kila moja liandikwe juu yake, ili msomaji wa baadaye apime ni kiasi gani cha tofauti kimetoka kwa msimulizi na ni kiasi gani kimetoka kwa muulizaji. Kama mzee ataomba kauli ya pili isichapishwe, basi mstari wa 57 nao usitumiwe kuthibitisha ugawaji, kwa kuwa mtafiti sasa anajua kwamba hauuthibitishi.