Daftari Jipya, Masalio ya Zamani

Duka linapohama kutoka programu moja ya hesabu kwenda nyingine, mara nyingi halihamishi mauzo na manunuzi ya miaka yote. Linahamisha masalio: benki kuna kiasi gani, tunamdai nani, nani anatudai, mali iliyoko ghalani ina thamani gani, mwenye duka ameweka mtaji kiasi gani. Kila salio linakuwa mstari wa kwanza wa leja mpya, na yote yatakayoandikwa baadaye yatajumlishwa juu yake. Mstari huo ukiwa na kosa, kosa litaingia katika kila ripoti hadi siku mtu atakapokaa chini na kulitafuta.

Tuchukue mfano wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi jijini Mwanza, kwa takwimu za kubuni. Duka limekuwa likitumia Tally, sasa linahamia QuickBooks, na limeamua kuanza tarehe 1 Januari. Kwa mwenye nafasi ya kusubiri, hiyo ndiyo tarehe ninayoishauri. Mwaka wa hesabu ukifungwa 31 Desemba, leja za mauzo na gharama zinarudi sifuri na faida yake inaingia kwenye faida iliyolimbikizwa, kwa hiyo leja za kuhamisha zinakuwa chache. Anayehama katikati ya mwaka inambidi ahamishe pia mauzo na gharama za miezi iliyopita, la sivyo ripoti ya faida ya mwaka itakosa kipande.

Kabla ya kugusa programu mpya, mhasibu anachapisha urari wa 31 Desemba kutoka kwenye programu ya zamani, yaani orodha ya leja zote na masalio yake, debiti upande mmoja na krediti upande wa pili. Duka letu lina benki 14,200,000, fedha taslimu 850,000, wadaiwa 23,600,000, bidhaa 61,000,000 na gari la mizigo lililonunuliwa kwa 28,000,000. Jumla ya debiti ni 127,650,000. Upande wa krediti kuna uchakavu uliolimbikizwa wa gari 9,000,000, wadai 31,400,000, VAT inayosubiri kulipwa 2,250,000, mkopo 20,000,000, mtaji 40,000,000 na faida iliyolimbikizwa 25,000,000. Jumla ni ileile.

Urari peke yake hautoshi. Lazima uambatane na orodha ya ankara ambazo hazijalipwa, jina kwa jina, kwa wadaiwa na kwa wadai, pamoja na orodha ya bidhaa zilizohesabiwa ghalani na usuluhisho wa benki wa siku hiyohiyo. Kama jumla ya orodha ya wadaiwa hailingani na 23,600,000 ndani ya programu ya zamani yenyewe, kuhama kusimame hapo. Tofauti ya zamani ikishapelekwa kwenye programu mpya, hakuna atakayejua tena ilizaliwa wapi.

Sasa tuingie QuickBooks. Unapoandika kwamba benki inaanza na kiasi fulani, programu inahitaji upande wa pili wa ingizo, na huo inaupeleka kwenye leja inayoitwa `Opening Balance Equity`. Kila mali inayoingia inaongeza leja hiyo na kila deni linaipunguza. Kwa hiyo mali zote na madeni yote yakishaingia sawasawa, leja hiyo lazima ibaki na 65,000,000 kamili, yaani mtaji na faida iliyolimbikizwa vikijumlishwa. Mhasibu anaandika jarida moja la kuhamishia 40,000,000 kwenye mtaji na 25,000,000 kwenye faida iliyolimbikizwa, na leja inabaki sifuri. Programu nyingine zina njia zao: Tally huonyesha mstari wa `Difference in opening balances`, na Xero hutumia `Historical Adjustment`. Zote zinafanya jambo moja: zinapokea hesabu isiyolingana na kuiweka kando badala ya kuikataa. Mstari huo ukiwa na kiasi, kazi haijaisha, hata kama ripoti zinachapishika vizuri.

Kiasi kinachobaki pale huweza kueleza kosa lilipo. Tuseme baada ya jarida imebaki 18,000,000. Gawanya kwa 2, utapata 9,000,000, ambayo ni salio la uchakavu. Mtu ameliandika upande wa debiti, na kosa la upande huzaa tofauti ya mara mbili. Tuseme imebaki 1,500,000. Hapo nenda kwenye wadaiwa. Ankara za wateja zilikuwa na jumla ya 25,100,000, lakini mteja mmoja alikuwa amelipa 1,500,000 ambayo haikuunganishwa na ankara yoyote. Aliyeandaa faili alichukua ankara peke yake na kuyaacha malipo yaliyokuwa yanaelea.

Lakini sifuri nayo inaweza kudanganya, na hapa ndipo wengi hupumzika mapema. Rudi kwenye benki. Leja inasema 14,200,000, ila taarifa ya benki ya 31 Desemba inasema 16,900,000, kwa sababu hundi ya 2,700,000 aliyopewa msambazaji wa saruji bado haijapita benki. Mwingizaji anaona taarifa ya benki ina mhuri, anaiamini, anaandika 16,900,000. Kisha akifika kwa wadai anageuza tarakimu mbili, na 31,400,000 inakuwa 34,100,000. Kosa la kwanza limeongeza mali kwa 2,700,000, la pili limeongeza madeni kwa kiasi hichohicho. `Opening Balance Equity` inabaki na 65,000,000 kama ilivyotakiwa, debiti na krediti zinalingana, na masalio mawili si ya kweli.

Kwa hiyo urari mpya wa 31 Desemba uwekwe kando ya ule wa zamani na kila mstari ulinganishwe na mwenzake. Katika mfano huu hata jumla ya chini ingetosha kushtua, maana ingekuwa 130,350,000 badala ya 127,650,000, lakini mtu anayetazama tu kama pande mbili zinalingana hawezi kuiona. Tofauti inayogawanyika kwa 9, kama hii ya 2,700,000, ni dalili ya tarakimu zilizobadilishana nafasi. Ni dalili tu. Hapa kiasi hichohicho ni cha hundi pia, na sababu zote mbili lazima zithibitishwe kwa karatasi.

Hundi yenyewe ina namna yake ya kuingizwa. Andika salio la benki kama lilivyo kwenye taarifa, 16,900,000, halafu andika hundi hiyo peke yake kwa namba na tarehe yake ya Desemba, upande wa pili ukiwa `Opening Balance Equity`. Leja itasoma 14,200,000, na hundi itakuwepo ikisubiri kuwekewa alama kwenye usuluhisho wa Januari. Usipofanya hivyo, hundi itakapopita benki karani ataiona ngeni na kuiandika kama malipo mapya, na msambazaji ataonekana amelipwa mara mbili.

Wadaiwa na wadai waingizwe ankara kwa ankara, si kwa jumla moja. Mteja haji dukani kulipa jumla. Anakuja na karatasi yenye namba. Kila ankara ya zamani ibaki na namba na tarehe yake ya awali, na isiandikwe kama mauzo mapya. Angalia ankara moja ya 5,900,000: ndani yake mna bidhaa za 5,000,000 na VAT ya asilimia 18, yaani 900,000. Kodi hiyo ilikwishatangazwa kwenye ritani ya mwezi wa mauzo. Ukiiingiza upya ikiwa na msimbo wa kodi, programu itaidai 900,000 mara ya pili na kuongeza 5,000,000 kwenye mauzo. Iingie kwa kiasi kizima bila kodi, upande wa pili ukielekezwa `Opening Balance Equity`. VAT ya Desemba, ile 2,250,000, inaingia kama deni moja, na malipo yatakayofanywa kufikia 20 Januari yanaifuta.

Ankara nyingi huingizwa kwa faili ya Excel au CSV, na tarehe ndizo zinazosumbua zaidi. Programu iliyopangwa kusoma mwezi kwanza itaigeuza 03/12 kuwa 12 Machi bila kulalamika, kisha itaikataa 25/12 kwa sababu hakuna mwezi wa 25. Ukiona baadhi ya mistari imekataliwa, usiirekebishe hiyo pekee. Ile iliyokubaliwa ndiyo yenye kosa lisiloonekana. Futa zote, panga tarehe upya, uingize tena. Baada ya hapo toa orodha kutoka programu mpya, iweke kwenye ukurasa uitwao `Mpya`, namba za ankara safu ya A na kiasi safu ya B. Kwenye ukurasa wenye orodha ya zamani, iliyopangwa vivyo hivyo, andika pembeni:

```
=B2-SUMIFS(Mpya!B:B,Mpya!A:A,A2)
```

Ivute hadi chini. Kila mstari usiokuwa sifuri una ankara iliyopotea, iliyorudiwa au iliyobadilika kiasi. Fanya vivyo hivyo kutoka upande wa pili, ili kunasa ankara zilizopo kwenye mpya lakini hazikuwepo zamani.

Fomula hiyo haioni majina. Ankara ya fundi wa Igoma ikiwekwa kwa fundi wa Igombe, kiasi, namba na jumla ya wadaiwa vyote vitakuwa sawa, na mmoja atadaiwa deni la mwenzake. Kwa hiyo linganisha pia salio la kila mteja, kisha mpelekee kila mmoja taarifa ya deni lake la 31 Desemba na umwombe alithibitishe.

Ghalani, thamani inaweza kuwa sahihi huku idadi ikiwa ya vipimo vingine. Katoni 40 za misumari zikiingizwa kama kilo 40, kwa bei ya katoni, jumla ya fedha itakuwa ileile. Lakini kilo ya kwanza ikiuzwa, programu itaihesabia gharama ya katoni nzima. Chagua bidhaa zenye thamani kubwa na usome kipimo, idadi na bei ya kila moja.

Kila kitu kikishalingana, weka tarehe ya kufunga na nywila ili asitokee mtu wa kubadilisha chochote cha kabla ya 1 Januari, na hifadhi urari zote mbili zikiwa zimesainiwa na aliyelinganisha. Programu ya zamani isifutwe. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe kwa muda usiopungua miaka 5, na undani wa ankara hizo umebaki huko.

Kuna kufuli moja ambayo huenda ikafunguliwa. Mkaguzi akija miezi kadhaa baadaye na kusema bidhaa zilizoharibika zipunguze thamani ya ghala kwa 2,000,000, marekebisho ni ya mwaka uliofungwa. Jarida lake liandikwe kwenye programu zote mbili kwa tarehe ya 31 Desemba. Faida iliyolimbikizwa itashuka hadi 23,000,000 huku na huku, urari mbili zitachapishwa tena na kulinganishwa mstari kwa mstari, ndipo kufuli irudishwe.