Ng’ombe Anapogeuka Ngâ€™ombe

Maelezo ya picha yaliandikwa vizuri kwenye Excel: “Ng’ombe wetu kashinda 🎉”. Hati ya Python ikayasoma na kuyapandisha mtandaoni, wafuasi wakaona “Ngâ€™ombe wetu kashinda ðŸŽ‰”.

Kosa si la Kiswahili. Ile koma ya juu iliyopinda, ambayo simu na Word hupenda kuiweka, huhifadhiwa kwa UTF-8 kama baiti 3. Emoji hii ni baiti 4. Python kwenye Windows mara nyingi hufungua faili kwa mfumo wa zamani, cp1252, unaohesabu kila baiti kuwa herufi moja. Ndiyo maana alama moja huzaa takataka tatu au nne.

Basi hifadhi kwa kuchagua “CSV UTF-8”, kisha uiambie hati waziwazi:

```python
open("picha.csv", encoding="utf-8-sig", newline="")
```

Hilo “sig” huondoa alama isiyoonekana ambayo Excel huitanguliza kwenye faili. Ikibaki, jina la safu ya kwanza halitambuliki, na utahangaika bure kutafuta kosa la tahajia.

Maandishi yaliyokwisha kuharibika hivi hurudishwa kwa kupita njia ileile kinyumenyume:

```python
s.encode("cp1252").decode("utf-8")
```

Lakini ukiona “??” mahali pa emoji, pengine faili ilihifadhiwa kama CSV ya kawaida. Hapo baiti zenyewe zimepotea, na hakuna amri itakayozirudisha. Rudi kwenye jedwali la awali, kama hukulifuta.