Kironi kati ya wapenzi: jeraha la zamani linapoguswa

Tarehe 24 Februari 1981, siku uchumba wao ulipotangazwa, Charles na Diana walikaa mbele ya kamera za televisheni jijini London. Mwandishi wa habari akawauliza kama wanapendana. Diana, binti wa miaka 19, alijibu papo hapo kwamba bila shaka wanapendana. Charles, aliyekuwa na miaka 32, akaongeza maneno yaliyoonyesha kuwa hana hakika kupendana ni nini hasa. Miaka kadhaa baadaye Diana alisimulia kwamba jibu lile lilimchoma moyo.

Wanasaikolojia, waandishi na majirani wa kila aina wameieleza ndoa hiyo kwa namna zao. Wanajimu wa nchi za Magharibi nao wana maelezo yao, na ndani yake kuna jina ambalo wasomaji wa kurasa za nyota magazetini hawalikuti mara nyingi: Kironi.

Kironi ni gimba dogo la angani, lenye kipenyo cha kilomita 200 hivi, linalozunguka jua hasa kati ya Zohali na Uranusi. Mwanaastronomia Charles Kowal aliligundua mwaka 1977 katika picha zilizopigwa kwenye kituo cha Palomar, Marekani. Huchukua takriban miaka 50 kumaliza mzunguko mmoja. Jina lake limetoka katika hadithi za Wagiriki wa kale: Kironi alikuwa nusu mtu nusu farasi, mganga na mwalimu wa mashujaa, aliyetupwa na mama yake mzazi alipozaliwa. Baadaye alichomwa kwa bahati mbaya na mshale wenye sumu wa rafiki yake Herakle. Aliweza kuwatibu wengine, lakini kidonda chake mwenyewe hakikupona.

Kutokana na hadithi hiyo, wanajimu walilipa gimba lile kazi ya kuonyesha jeraha la moyo: mahali ambapo mtu aliumizwa mapema, akajifunza kuficha. Kitabu cha Melanie Reinhart kilichotoka mwaka 1989 ndicho kimoja kati ya vilivyoeneza sana wazo hilo. Kwa hiyo, tofauti na unajimu wa Zuhura au Zohali wenye umri wa maelfu ya miaka, elimu ya Kironi haijafikisha hata miaka 50.

Kulinganisha nyota za wachumba si jambo geni kwa Waswahili. Pwani ya Afrika Mashariki, walimu wa falaki wamekuwa wakihesabu thamani ya herufi za majina ya wachumba na kuangalia kama nyota zao zinapatana. Njia ya Magharibi, inayoitwa sinastria, hufanya kazi kwa namna nyingine. Mnajimu huchora ramani mbili za anga, kila moja ikionyesha sayari zilikuwa wapi mtu alipozaliwa, kisha huziweka moja juu ya nyingine. Duara la nyota lina digrii 360, na kila nyota kati ya 12 ina digrii 30. Mnajimu hutazama ni sayari gani ya mmoja inayoangukia karibu na Kironi ya mwenzake, inayotazamana nayo kutoka upande wa pili wa duara, yaani digrii 180, au inayokuwa nayo katika pembe mraba ya digrii 90. Hapo husema kuna mgusano. Wengi hukubali tofauti ya digrii 3 au 4. Ikizidi hapo, mgusano huhesabiwa kuwa dhaifu.

Maana yake hutegemea sayari inayogusa. Mwezi huhusishwa na malezi na haja ya kubembelezwa. Zuhura ni mapenzi na kujiona unastahili kupendwa. Zohali ni wajibu, mipaka na ukali wa mzazi. Inasemekana kwamba mwenye sayari hiyo hugusa jeraha la mwenzake bila kukusudia, kwa kuwa tu jinsi alivyo. Mwenye Kironi huhisi amevuliwa nguo hadharani, akajikunja au akajibu kwa ukali. Mwenzake asijue amekosa nini.

Ramani za Charles na Diana zinaonyesha jambo hilo kwa pande zote mbili. Charles alizaliwa London tarehe 14 Novemba 1948, na Kironi yake ipo digrii ya 28 ya Nge. Diana alizaliwa Sandringham tarehe 1 Julai 1961. Zuhura yake ipo digrii ya 24 ya Ng'ombe, ikitazamana na Kironi ya Charles kwa tofauti isiyofika digrii 4. Mwezi wake, kwa saa ya kuzaliwa inayotumiwa na wanajimu wengi, upo digrii ya 25 ya Ndoo, katika pembe mraba na Kironi hiyohiyo. Mnajimu hapo husoma hivi: mapenzi ya Diana na haja yake ya kuwa karibu viliangukia palepale Charles alipokuwa na kidonda.

Kidonda gani? Maisha yake yanajulikana. Februari 1952 mama yake, akiwa ziarani Kenya, alipata habari kwamba baba yake amefariki na yeye sasa ni malkia. Charles alikuwa na miaka 3. Mwishoni mwa 1953 wazazi wake waliondoka kwa ziara ya dunia iliyochukua karibu miezi sita, wakamwacha na dada yake mdogo mikononi mwa bibi na walezi. Karibu na mwisho wa safari hiyo malkia alifungua bwawa la umeme la Owen Falls pale Jinja, Uganda, ndipo akaenda Libya kuonana na watoto wake. Akiwa na miaka 8 Charles alipelekwa shule ya bweni, na mwaka 1962 akahamia Gordonstoun, Uskoti, ambako alionewa na wenzake. Huyo ni mtoto aliyejifunza mapema kwamba kuhitaji mtu ni kujitafutia maumivu.

Upande wa pili, Kironi ya Diana ipo digrii ya 6 ya Samaki, na Zohali ya Charles ipo digrii ya 5 ya Mashuke, zikitazamana kwa tofauti ya digrii moja na kidogo. Diana alikuwa na miaka 6 mama yake alipoondoka nyumbani mwaka 1967. Wazazi wakaachana rasmi mwaka 1969, na watoto wakabaki na baba. Kwa msomaji wa Kironi, hapo ndipo ndoa ilipofungika fundo: kila Charles alipojificha nyuma ya wajibu na ukimya, Diana aliona mlango uleule wa utotoni ukifungwa tena. Akalia, akadai, akamfuata. Na kufuatwa huko ndiko kulikomfanya Charles azidi kurudi nyuma. Walioana tarehe 29 Julai 1981, wakatangaza kutengana Desemba 1992 na talaka ikakamilika Agosti 1996.

Simulizi hii ina mvuto, na ndiyo sababu inahitaji kupimwa kwa makini kabla mtu hajaitumia nyumbani kwake.

Jambo la kwanza ni saa ya kuzaliwa. Mwezi husogea karibu nusu digrii kila saa. Kwa Diana zimewahi kutajwa saa mbili tofauti, saa nane mchana na saa moja na dakika 45 jioni. Ukichukua ile ya mchana, Mwezi wake unarudi nyuma kama digrii 3, na mgusano wake na Kironi ya Charles unatoka nje ya kipimo. Asiyejua saa yake ya kuzaliwa, na wengi Afrika Mashariki hawaijui, asikubali usomaji wa Mwezi hata kidogo.

La pili ni rika. Njia ya Kironi imevutika kama yai, kwa hiyo mwendo wake haulingani. Hukaa karibu miaka 8 katika nyota ya Kondoo, lakini katika Mizani hupita kwa chini ya miaka 2. Watu waliozaliwa 1970 na 1974 wote wana Kironi katika Kondoo. Mtu akiwaambia wachumba wa rika hilo kwamba "Kironi zenu ziko nyota moja, mna jeraha moja", amewaambia jambo linalowahusu pia karibu wote waliosoma nao darasa moja.

La tatu ni hesabu, na hili ndilo zito zaidi. Tuseme mnajimu anatazama Jua, Mwezi, Zuhura, Mirihi na Zohali za kila mmoja dhidi ya Kironi ya mwenzake. Hizo ni nafasi 10. Akikubali kukutana, kutazamana na pembe mraba kwa tofauti ya digrii 4 kila upande, basi digrii 32 kati ya 360 zitahesabiwa kuwa mgusano. Kwa kubahatisha tu, takriban watu wawili wawili 6 katika kila 10 watakuwa na angalau mgusano mmoja, hata kama hawajawahi kuonana. Akiongeza pembe nyingine na sayari nyingine, karibu kila mtu atapata wake. Kwa hiyo kuukuta mgusano si habari.

Majaribio nayo hayajaupa unajimu nguvu. Mwaka 1985 jarida la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson, ambapo wanajimu walipewa ramani ya mtu na maelezo matatu ya tabia, wachague lililo lake. Walipatia mara moja katika tatu, sawa na anayebahatisha. Mwaka 2007 David Voas wa Chuo Kikuu cha Manchester alichunguza takwimu za sensa za wanandoa takriban milioni 10 wa Uingereza na Wales, asione nyota za jua zikiathiri nani anaoana na nani. Hayo hayakupima Kironi, lakini anayedai Kironi ni tofauti ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha.

Kilicho kweli katika simulizi ya Charles na Diana hakikuhitaji ramani. Daktari wa akili John Bowlby alieleza jinsi mtoto anavyoathirika anapotenganishwa na mlezi wake, na mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver wakaonyesha kuwa namna hiyo ya kushikamana huonekana pia katika mapenzi ya watu wazima. Mmoja anafuata, mwingine anakimbia, na kila mmoja anaogopa jambo alilolijua utotoni.

Anayependa kutumia Kironi na aitumie kama swali. Kila mmoja aandike kwanza, kabla ya kufungua ramani, ni neno au kitendo gani cha mwenzake humuumiza kuliko kinavyostahili, na ni lini alianza kuumizwa hivyo. Kisha wabadilishane karatasi. Ramani ikilingana na walichoandika au isilingane, mazungumzo yameshapatikana.

Lakini mgusano wa Kironi usiwe sababu ya kuvunja uchumba, wala ya kuvumilia mateso. Wapo wanaoambiwa kwamba mwenzi anayewaumiza "amekuja kuwaponya". Jeraha linaloguswa kwa bahati mbaya ni jambo moja. Kupigwa, kutukanwa na kunyimwa uhuru ni jambo jingine kabisa, na ni kosa la jinai. Anayepitia hayo aende kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi kama yuko Tanzania, au apige 1195 kama yuko Kenya.